Kabla hujasema protini yako imeamsha TLR4

Ninyi mnaoanza kazi ya kinga ya asili, yashukuni kwanza matokeo yatakayowafurahisha mapema. Yangu yalikuja mwezi wa tatu tangu niingie maabara, hapa Nairobi. Nilikuwa nimetengeneza protini ya kimelea cha malaria ndani ya bakteria wa E. koli, nikaisafisha, kisha nikaiweka kwenye monositi, seli nyeupe za kinga, zilizotoka katika damu ya watu waliojitolea. Asubuhi TNF, protini ya uvimbe ambayo seli hizo hutoa zikihisi hatari, ilikuwa imepanda mno. Nikaandika daftarini kwamba protini yangu inatambuliwa na TLR4, kipokezi cha kinga kilicho juu ya seli hizo.

Fundi wetu mkuu alisoma, akaniuliza jambo moja tu: "Dada, umeichemsha?"

Swali lake linatokana na jinsi kipokezi hiki kinavyofanya kazi. TLR4 ipo kwa ajili ya LPS, molekuli ya utando wa nje wa bakteria walio Gramu hasi, na E. koli ni mmoja wao. LPS haiendi kwenye kipokezi peke yake. Protini ya damu iitwayo LBP huichomoa kutoka kwenye mafungu yake, huikabidhi CD14 iliyo juu ya seli, nayo CD14 huiingiza katika mfuko wa MD-2, protini iliyoshikana na TLR4. Lipidi A, yaani mzizi wa LPS, kwa E. koli ina minyororo sita ya mafuta. Mitano huzama mfukoni. Wa sita hubaki juu na kugusa TLR4 ya pili. Mguso huo ndio unaoziunganisha TLR4 mbili, mikia yao ndani ya seli ikasogeleana, protini ya MyD88 ikaja kujishikiza, na ishara ikafika hadi NF-kB, inayowasha jeni la TNF.

Sasa fikirieni nilipoikuza protini yangu. Nilipowapasua bakteria wale, LPS yao yote ilimwagika kwenye mchanganyiko uleule niliokuwa nikiusafisha. Tulipoipima baadaye, protini ilikuwa na uniti 50 za endotoksini, yaani LPS hiyo, kwa kila miligramu. Kwenye jeli ya kupimia usafi haikuonekana, kwa kuwa rangi ile hushika protini. Kwenye visima vya sahani ya seli nilikuwa nimeweka mikrogramu 10 kwa mililita, ambayo ni uniti 0.5 kwa mililita. Uniti moja ni takriban pikogramu 100 za LPS, kwa hiyo seli zangu zilikuwa zikionja kama pikogramu 50 kwa mililita. Monositi za binadamu, zikiwa na seramu yenye LBP, huitikia kiasi hicho bila shida.

Nilichemsha sampuli kwa nyuzi 100 kwa dakika 30. Protini nyingi huharibika hapo, LPS hustahimili. TNF ilipanda karibu sawa na mwanzo. Kisha niliongeza polimiksini B, dawa inayoishika lipidi A, na TNF ikaanguka.

Hapa muwe waangalifu, maana vipimo hivi viwili vina mianya. Kuchemsha kukizima ishara, msiseme sampuli ni safi: LPS ikiwa kidogo sana, nayo inaweza kupungua nguvu ikichemshwa pamoja na protini. Daima chemsheni LPS halisi ya kiasi kilekile pembeni ili mlinganishe. Polimiksini nayo haizuii lipoprotini za bakteria, ambazo huamsha kipokezi kingine, TLR2. Ishara ikibaki baada ya polimiksini, bado inaweza kuwa ni uchafu wa aina nyingine. Protini za mshtuko wa joto, HSP60 na HSP70, zilitajwa kwa miaka mingi kuwa zinaamsha TLR4, mpaka maabara kadhaa zilipoonyesha kwamba maandalizi yaliyosafishwa vizuri hayakuwa na nguvu hiyo.

Mkiweza kupata seli za panya wa C3H/HeJ, zitumieni. Panya hao wana badiliko la asidi amino moja tu katika TLR4, na mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler lilitumia kasoro hiyo kuonyesha kwamba TLR4 ndiyo inayohitajika kuitambua LPS. Ishara ikizimika kwao, njia imepita TLR4; hilo halisemi kama mgeni aliyepita ni protini yenu au ni LPS.

Vyombo vya glasi navyo: otoklevu huua bakteria lakini huacha LPS yao. Tunaviweka kwenye oveni kavu nyuzi 250 kwa dakika 30.

Nilirudia usafishaji, nikaiosha protini kwa Tritoni X-114 kwenye baridi, kisha nikaipasha moto kidogo mpaka sabuni ile ikajitenga chini na kuondoka na LPS. Niliirudia hatua hiyo mara tatu, kisha nikapima endotoksini kabla ya kugusa seli. Kipimo kilishuka chini ya uniti 1 kwa miligramu. Nikaweka mikrogramu 10 kwa mililita kama zamani, seramu ileile, na asubuhi TNF ilikuwa sawa na kisima kisichowekwa kitu.