Usianze na kiburi, anza na husuda

Anayeingia kwenye elimu ya kutibu nafsi hukimbilia kiburi, kwa sababu ameambiwa ndicho mama wa maradhi yote. Huo ni mwanzo mgumu, maana mwenye kiburi hakioni chake. Husuda humuuma mwenyewe, na panapouma ndipo pa kushika.

Chukua mfano huu. Mwalimu mwenzako kapewa ukuu wa idara. Mbele za watu umempongeza, lakini ukilala unajikuta unahesabu makosa yake. Jiulize: kesho akinyang'anywa cheo na wewe usipate chochote, utaona raha? Kama hapana, unatamani tu kupata kama alichopata, na hilo wanazuoni wameliita ghibta, halina neno. Kama ndiyo, hiyo ni husuda.

Sasa rudi nyuma. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliziweka hasira, kinyongo na husuda katika kitabu kimoja ndani ya robo ya tatu ya Ihyaa, kazi yake kubwa ya mafundisho ya dini, na akaonyesha zinavyozaana. Hasira isiyopata pa kutokea, kwa kuwa uliyemkasirikia humuwezi, hurudi moyoni ikawa kinyongo. Kinyongo kikazaa husuda. Ukichunguza, huenda mwenzako huyo aliwahi kukusahihisha kikaoni ukanyamaza. Ndiyo maana kujiambia "riziki hugawa Mungu" hakukusaidii sana: unatibu cheo, na kidonda kiko kwenye kile kikao. Na kwa nini kusahihishwa kuliuma vile? Hapo ndipo kiburi kinapojitokeza bila wewe kukitafuta.

Tiba ina sehemu mbili, kujua na kutenda, na ya pili ndiyo inayorukwa. Kanuni ya Ghazali ni kutenda kinyume cha kile husuda inachokuamuru. Ikikutaka umseme, msifu kwa jambo la kweli alilolifanya. Ikikutaka umnyime, mzidishie. Evagrio, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, naye alifundisha kwamba zawadi huzima kinyongo. Buddhaghosa, mwanazuoni wa Kibudha aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, aliweka kumpa zawadi unayemchukia mwishoni mwa orodha yake, baada ya njia nyingine kushindikana. Zawadi yenyewe iwe ndogo na ya faragha. Ukiitoa mbele ya ofisi nzima umejinunulia sifa, na mwenzako atalijua hilo.

Wengi huacha hapa, wakisema, "Huu si unafiki? Moyoni simpendi." Unafiki ni kutenda ili watu wakuone. Wewe hujadai kumpenda. Umekataa tu kutii husuda. Moyo hufuata baadaye, tena polepole.

Kosa jingine ni kuanza kumtakia heri adui siku ya kwanza. Buddhaghosa alipanga hatua: jitakie heri mwenyewe, kisha unayemheshimu na kumpenda, kisha mtu ambaye humpendi wala humchukii, ndipo uje kwa uliye na uhasama naye. Chuki ikipanda, rudi hatua ya nyuma utulie, kisha ujaribu tena.

Hasira ikiwa bado inawaka, hayo yote yasubiri. Mafunzo ya Mtume ni ya mwili kwanza: umesimama, kaa, haijatulia, lala. Tia udhu.

Unyenyekevu ndio wenye mitego. Ghazali anamtaja mtu anayekwenda kukaa penye viatu, au anayeweka watu wa chini kati yake na wa daraja lake, akidhani amejishusha. Anachosema kimoyomoyo ni kwamba amestahili mbele ila kaiacha kwa hisani. Unyenyekevu ni kuwatanguliza wenzako na kukaa karibu nao. Kipimo chake kingine ni mjadala: haki ikitoka kinywani mwa mpinzani wako, unaweza kuikubali kwa furaha na kumshukuru? Na angalia inapokuwia nzito. Ikiwa nzito mbele za watu tu, hiyo ni riya, yaani kutaka kuonekana. Ikiwa nzito hata mkiwa wawili faraghani, ni kiburi. Ukivichanganya utajitibu usichougua.

Kuhusu ratiba, wazo zuri liko kwa Wayahudi. Menahem Mendel Lefin alichapisha mwaka 1808 mpango wa tabia 13, kila moja wiki nzima, na mzunguko kurudiwa mara nne kwa mwaka. Faida yake ni kwamba hupambani na yote kwa mpigo. Andika jioni ni wapi ulianguka tu; ukianza kuorodhesha ushindi, daftari litakulea kiburi.

Mwisho kuna mpaka. Ghazali hakutaka hasira ife kabisa. Kwake asiyekasirika kamwe ana upungufu. Mkuu huyo wa idara akila fedha za shule, toa taarifa panapohusika. Hilo halipingani na zawadi uliyompa, mradi taarifa ungeitoa vilevile kama mwizi angekuwa rafiki yako.