Upande wa tatu wa kiwanja cha Ujiji

"Wakuu, kiwanja changu Ujiji ni pembetatu. Pande mbili ni mita 70 na 50, pembe kati yake nyuzi 120. Upande wa tatu una michikichi, futikamba haipiti. Kwa kosaini nimepata mita 62.4, jirani anakataa. Nimekosea wapi? Na eneo je?"

Jirani yako ana macho, mkuu. Pembe inayozidi nyuzi 90 lazima itazamane na upande mrefu kuliko yote, na wako umetoka mfupi kuliko ule wa 70. Kilichokuponza ni alama ya kutoa. Kanuni ni hii:

c² = a² + b² − 2ab cos C

Kosaini ya 120 ni −0.5, wewe umeweka 0.5. Sehemu ya mwisho ni 2 × 70 × 50 × (−0.5), yaani −3,500. Ukitoa hasi unajumlisha, hivyo 4,900 + 2,500 + 3,500 = 10,900. Kipeuo chake cha pili ni mita 104.4 hivi.

Kwa eneo usiutumie huo upande mpya, maana ukiwa na kosa utalihamishia huko. Pande ulizopima na pembe iliyo kati yake zinatosha: ½ × 70 × 50 × sin 120. Sini ya 120 ni chanya, 0.866, kwa hiyo unapata mita za mraba 1,515.5.

Kikokotoo kiandike DEG. Kikiwa RAD, cos 120 kitakupa 0.81 bila hata kukuonya.