Alumini ya moto na bastola ya joto: wadogo zangu, nisikilizeni

Jana dogo mmoja hapa karakanani ametoa spesa ya alumini kwenye mashine ya kukereza, bado inachoma vidole, akaielekezea bastola ya kupima joto, akasoma nyuzi 32, akaandika kwenye daftari. Nikamwambia, "Mdogo wangu, weka chini hiyo kitu." Akashangaa. Mimi nilishangaa zaidi, maana kosa hilo ni langu, nimelifanya miaka mingi kabla yake.

1. Urefu ulioandikwa kwenye mchoro ni wa nyuzi 20, hata kama hapa Kigoma nyuzi 20 unaziona alfajiri tu. Ndivyo kiwango cha kimataifa cha vipimo, ISO 1, kinavyosema. Hesabu yenyewe ni hii:

```
L20 = Lm × [1 + αs(Ts − 20) − αp(Tp − 20)]
```

L20 ni urefu kwa nyuzi 20, Lm ni ulichosoma, α ni kiasi cha kutanuka, T ni joto, s ni mikromita yako, p ni kazi yako. Alumini chukua 0.000023 kwa kila nyuzi, chuma cha mikromita 0.0000115. Kazi ya moto imerefuka, kwa hiyo unatoa. Mikromita ya moto imetanuka nayo, inasoma pungufu, kwa hiyo unaongeza. Ukisahau alama, jiulize tu nani amerefuka.

2. Tp ni joto la kazi. Si la ukuta, si la hewa. Na hapa ndipo nilipoumia.

Jamaa wa mitumbwi kule Kibirizi alileta pampu ya maji, anataka spesa ya alumini ya kukaa kati ya beringi mbili. Urefu milimita 280.00, inaruhusiwa kupungua 0.05, kuzidi hairuhusiwi. Nikakereza mkavu, bila maji, kwa sababu nilikuwa na haraka. Ukutani kipimajoto kilisema 29, na mikromita ilikuwa imekaa hapo hapo tangu asubuhi. Nikachukua bastola mpya, ninayojivunia kuliko simu yangu, nikailenga spesa: 31. Nikaona vizuri kabisa. Kidole kilikuwa kinaniambia kitu kingine, lakini kidole hakina skrini.

Kwa urefu huo, alumini hurefuka 0.0064 kwa kila nyuzi, chuma nusu yake. Nikapiga hesabu: nyuzi 11 za alumini ni 0.071, nyuzi 9 za mikromita ni 0.029, tofauti 0.042. Mikromita inasoma 280.02, basi kwa nyuzi 20 ni 279.98. Imo ndani! Nikaizungusha mezani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, nikaenda kula mgebuka.

Kesho yake asubuhi karakana ina nyuzi 24, kazi na mikromita vyote vimelala humo. Nasoma 279.89. Nikaweka sifuri upya kwa fimbo ya kupimia, nikasoma tena: 279.89. Ukirudisha kwenye nyuzi 20 ni kama 279.88, yaani pungufu kuliko kiwango cha chini kwa 0.07. Mwenye pampu alikuwa ameshafika, ananipa shikamoo kwa adabu, nami namwangalia kama nimemla kuku wake.

Nikarudi kwenye hesabu kinyumenyume. Ili itoke hivyo, spesa ilitakiwa kuwa na nyuzi 47 nilipoipima. Bastola ilisema 31! Sababu ni kwamba alumini inayong'aa haitoi miale yake sawasawa, inaakisi ya vitu vilivyoizunguka. Nilikuwa napima joto la ukuta, na labda la uso wangu.

Dawa: bandika kipande cha tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, subiri dakika moja, lenga tepu. Au tumia kipimajoto cha waya kinachogusa kazi yenyewe.

3. Ukiweza, usirekebishe chochote kikubwa. Weka kazi na mikromita pamoja juu ya meza ya chuma, mbali na dirisha lenye jua, saa moja hivi. Vikiwa na joto moja, kinachobaki ni tofauti ya kutanuka kati ya alumini na chuma. Kwa spesa ile, kwenye nyuzi 30, ni 0.03 tu, na ukikosea nyuzi moja hupotezi kitu cha kulilia. Kazi ya moto ukikosea nyuzi 16 unapoteza 0.1. Ndivyo nilivyofanya.

4. Mikromita kubwa usiikumbatie mkononi wakati unaongea na mteja.

5. Alumini iliyoyeyushwa kutoka pistoni za zamani (na mnajua tunayeyusha) ina silikoni nyingi, hutanuka kidogo kuliko ya baa. 0.000023 yangu si ya kila kitu, na hapo ndipo utakapojuta kurekebisha nyuzi 27 badala ya kusubiri.

Spesa ya dogo ya jana nilibandika tepu mbele yake. Bastola ikasoma 45. Akainama, akaishika, akaitupa mezani, kisha akaenda kutafuta chai wakati inapoa.