Vanishi ya meza kwenye geti la mbao

"Nimebakiwa na vanishi niliyopaka meza ya sebuleni. Je, naweza kuimalizia kwenye geti la mbao?"

Ndugu, usiipake. Vanishi ya ndani hukauka ikawa ngumu, nayo huifaa meza kwa sababu mbao ya sebuleni haibadiliki sana. Ya geti huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, hadi utando upasuke, maji yapenye chini yake na madoa meusi yatokee. Nta pia iachie samani za ndani ya nyumba. Kwa geti ningechagua mafuta ya mbao za nje yenye rangi kidogo, kwani rangi hiyo ndiyo hukinga jua. Piga msasa, paka, ukizidisha kwenye ncha zilizokatwa zinazonywa maji zaidi, kisha baada ya dakika 15 hivi futa yaliyobaki juu. Vitambaa ulivyofutia vitandaze vikauke, maana vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe. Siku tone la maji litakapozama mbaoni badala ya kusimama juu, paka tena.