Jibu: Hisa za benki tatu zimeshuka pamoja

"Nina milioni 3 kwenye hisa za benki tatu pale DSE. Zote zimeshuka. Si nimetawanya?"

Habari ndugu. Angalia kwanza faida inatoka wapi: zote tatu zinaishi kwa mikopo, wakopaji wakikwama zinaumia pamoja. Ulichopunguza ni hatari ya benki moja kuyumba, basi.

Mimi niligawa nusu kwa nusu: hisa za shilingi 1,500,000, na 1,500,000 kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambao hauwekezi kwenye hisa bali kwenye amana za benki na hati fungani. Hisa zikapanda hadi 2,000,000, mfuko ukafika 1,600,000. Sikuuza, maana dalali hukata kamisheni yake. Akiba ya miezi minne, laki moja moja, niliipeleka yote kwenye mfuko mpaka zikakaribiana. Hisa zikipaa, mfuko utakuchelewesha kweli. Ila zikishuka kwa robo, jumla yako inapungua thumuni tu.