P: si diski mpya

*"Fundi, naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Folda ya kazi zangu za upimaji imezama ndani kabisa. Kijana mmoja akanitengenezea P: kwa amri ya subst, akasema sasa nina diski ya pili ya kuhifadhia, nami nikahamishia humo kila kitu. Jana nilizima mashine, leo P: haionekani. Kazi zangu zimeenda wapi? Na nikipiga Windows upya zitabaki?"*

Hazijaenda popote, dada. Fungua ile folda ya zamani kwenye C: utazikuta zote. Ila ukipiga Windows upya kwa kufuta C:, zitafutika nayo. P: ilikuwa jina la pili la folda hiyohiyo, na jina hilo hufa ukizima mashine au ukitoka kwenye akaunti yako. Kulirudisha ni mstari mmoja kwenye dirisha jeusi la amri, nao njia ya folda yako iwe ndani ya alama za nukuu kwa sababu ina nafasi:

```
subst P: "C:\Users\Ofisi\Documents\Kazi za Upimaji\Tanga\Pongwe\2023\Ramani za Mwisho"
```

Ukitaka lirudi lenyewe kila unapoingia, andika mstari huo kwenye faili la .bat, uliweke kwenye folda inayofunguka ukiandika `shell:startup` baada ya kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R.

Kinachonikera ni hilo neno "diski ya pili". Hapa mjini nimeshalisikia mara nyingi mno, na mara nyingine mteja amelipia kabisa, ati diski imegawanywa. Mteja wangu mmoja aliona faili zilezile C: na P:, akadhani ana nakala mbili. Mashine ilikuwa imejaa, basi akafuta za C: apunguze mzigo, kisha akasafisha na Recycle Bin. Alipofungua P: akakuta patupu, akanipigia simu akisema virusi vimemwingilia. Hapakuwa na kirusi chochote. Chumba kina milango miwili, ukitoa kitanda kwa mlango wa mbele usitegemee kukikuta ukiingilia nyuma.

Kujua kama umedanganywa hakuhitaji fundi. Andika `subst` peke yake kwenye dirisha jeusi la amri. Likijibu `P:\: => C:\Users\...`, hiyo ni lakabu. Tazama pia nafasi iliyobaki: P: na C: zitaonyesha namba ileile, gigabaiti kwa gigabaiti. Na ukifungua `diskmgmt.msc`, dirisha la Windows linaloorodhesha diski, hutaiona P: hata kidogo, maana kwenye diski yenyewe haipo.

Sisemi subst ni mbaya. Ina kazi yake, nayo ni kufupisha njia. Programu nyingi za Windows bado hugoma njia ya faili ikifika herufi 260. Hiyo folda niliyoiandika hapo juu inakula herufi 75 kabla hujataja faili hata moja. Kwa P: zinakuwa 2. Programu kongwe ya kuchora ramani iliyokuwa inakataa kuhifadhi, hapo inakubali.

Lakini hapohapo pana mtego. Ukihifadhi ndani ya P: faili lenye njia ya herufi 250, njia yake halisi ni herufi 323. P: ikitoweka, kama ilivyotoweka leo, unaweza kuliona faili kwenye folda na lisifunguke wala kukubali kufutwa. Wengi wakifika hapo husema faili limeoza. Rudisha P: kwanza, ndipo ulifungue.

Jingine: ukifungua dirisha la amri kwa `Run as administrator`, P: uliyoitengeneza kawaida haimo, na ukiitengenezea humo, huku kwenye folda zako haitatokea. Windows huyahesabu kuwa maingio mawili tofauti. Kwa hiyo kisakinishi kikikwambia P: haipo, kipe njia ndefu ya C:.

Kuiondoa ni `subst P: /D`. Hiyo inafuta jina tu, faili zinabaki. Kinachofuta faili ni kuingia ndani ya P: na kuzifuta kwa mkono wako.

Na wewe msomaji mwingine ambaye fundi amekutolea herufi mpya kwa dakika tano, bila kukuuliza una nafasi kiasi gani wala kukuonyesha `diskmgmt.msc`, usimpe hela bado. Mwambie aandike `subst` mbele yako. Mshale ukitokea, nunua diski ya nje, chomeka, nakili kazi zako humo, kisha uichomoe uiweke kabatini kabla hajaigusa Windows yako.