Safu ya tatu kwenye daftari la fundi

Swali la wiki: "Mchana unanunua chakula au unapika nyumbani? Kipi kina nafuu kwako, na umejuaje?"

Mimi ni fundi cherehani, Mwananyamala, Dar es Salaam. Jibu langu la Januari silo jibu langu la Mei, ingawa mlo ni uleule wa wali na maharage, na bei hazijabadilika.

Nianze na hesabu ambayo kila mtu huifanya. Kwa mama lishe wetu sahani ni shilingi 2,500. Nikipika mwenyewe, robo kilo ya mchele ni 700, maharage ya mlo mmoja 400, kitunguu, nyanya na mafuta 300, na mkaa 300. Jumla 1,700. Ukiishia hapo, kupika kunaniokolea 800 kila siku, na kwa siku 22 za kazi ni 17,600. Januari ya mwaka jana niliishia hapo. Ada ya mtoto ilikuwa inanisubiri, nikaapa sitanunua chakula mwezi mzima. Kila siku niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikawasha jiko, nikapika, nikafunga hotpoti. Dakika 50, na nafsi yangu imetulia kwamba nabana matumizi.

Januari kwa fundi wa mtaani ni mwezi wa sare. Shule zinafunguliwa, na wazazi wanaleta vitambaa vyote wiki moja. Sketi ya shule yenye marinda ujira wangu ni 5,000. Nikitoa uzi, zipu na umeme, inanibakia 4,500, na inanichukua saa moja kamili, maana kupiga pasi marinda ndiko kunakokula muda. Katikati ya mwezi akaja mama mmoja na vitambaa vya sketi nne. Akatazama rundo kwenye meza, akaniuliza, "Fundi, Jumatatu nazipata?" Nikamwambia labda Jumatano. Akakunja vitambaa vyake taratibu, akanishukuru, akavuka barabara kwa fundi mwenzangu.

Jioni nilifungua daftari. Lina safu mbili, mapato na matumizi. Kwenye matumizi chakula kilikuwa kidogo kuliko mwezi wowote, nami nilistahili kufurahi. Lakini zile sketi nne, yaani shilingi 18,000, hazikuwa na pa kuandikwa. Si mapato, kwa kuwa hazikuingia. Si matumizi, kwa kuwa sikuzitoa. Nilisoma mchepuo wa uchumi kidato cha tano na sita, na mwalimu wetu alitukaririsha neno "gharama ya fursa": thamani ya kile kilicho bora zaidi katika vyote ulivyoviacha ulipochagua kimoja. Nililijibu kwenye mtihani na nikapata alama. Usiku ule ndipo nililiona kwa macho, likivuka barabara na vitambaa mkononi.

Basi nikachora safu ya tatu, nikaiandika "nilichoacha". Dakika 50 za sketi ni shilingi 3,750. Kwa hiyo sahani yangu ya Januari haikuwa ya 1,700. Ilikuwa 1,700 za sokoni na 3,750 za cherehani, jumla 5,450, nikijikinga na sahani ya 2,500. Muda wa kula kwenyewe sikuuhesabu, maana nikinunua au nikipika, kula nitakula. Na chungu na jiko sikuvihesabu pia. Nilivinunua zamani, na hata nikiacha kupika leo, hela yake hairudi.

Mume wangu alinibishia, na alikuwa na hoja. "Wewe unapika alfajiri," akasema, "na alfajiri hushoni. Umepoteza sketi gani hapo?" Ni kweli, saa kumi na moja na nusu siko kwenye cherehani. Ilinibidi nijichunguze wiki nzima ndipo nielewe. Saa unayoitumia alfajiri haipungui alfajiri, inapungua mwisho wa siku. Nilikuwa nafungua kibanda saa moja na nusu badala ya saa moja kasorobo, na saa mbili usiku macho yalikuwa mazito, mshono unapinda, nafumua. Nilipoacha kupika alfajiri kwa wiki moja, idadi ya sketi ilipanda kutoka nane kwa siku hadi tisa. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Usiulize ule muda ulikuwa wa nini. Angalia, ukiurudisha, ni kitu gani kinaongezeka.

Kipimo hichohicho ndicho kinachombana mume wangu upande wake. Yeye ameajiriwa kwa mshahara wa mwezi, na wenzake ofisini wana mtindo wa kugawa mshahara kwa saa za kazi, kisha mtu anasema, "Saa yangu ni shilingi elfu nne, siwezi kuipoteza jikoni." Hesabu hiyo si sahihi, na naona watu wengi wanaumia nayo. Saa kumi na mbili jioni hakuna mtu anayemnunulia ile saa. Apike, asipike, tarehe 30 mshahara ni uleule. Anachoacha akiingia jikoni ni kupumzika, au kumsimamia binti yetu hesabu zake za darasa la nne. Hivyo navyo vina thamani, na siku nyingine vinapita sahani yoyote, ila avipime kama vilivyo, asivivishe koti la mshahara. Isipokuwa kama ana kibarua cha jioni kinachomlipa kweli, hapo mambo ni tofauti.

Na kwangu vilevile, bei ya saa inafuata oda, haifuati ufundi wangu. Mei, mvua za masika zikiwa zinamalizikia na barabara ya kwetu ni tope tupu, kuna siku nakaa mpaka saa saba mchana sijapokea hata suruali ya kupunguza pindo. Siku hiyo dakika 50 za jikoni hazinitoi senti. Safu ya tatu naandika sifuri, na ule uokoaji wa 800 unakuwa wa kweli kabisa. Mtu akinikuta Mei ninanunua sahani ya 2,500 kwa maelezo kwamba "muda ni mali", anirudishe kwenye daftari langu.

Mtu anaweza kushangaa mama lishe anapataje faida kwenye 2,500 ikiwa mimi sahani moja inanila dakika 50. Nilimuuliza. Yeye na binti anayemsaidia wanaanza saa kumi na moja alfajiri, saa sita mchana chakula kiko tayari. Watu wawili kwa saa saba ni saa kumi na nne za kazi, na anauza sahani kama 70. Ukigawanya ni dakika 12 kwa sahani. Moto ni mmoja, sufuria ni moja, kuosha mchele ni mara moja. Kwa hiyo Januari ninapomlipa, ninanunua dakika 12 zake ili niokoe dakika 50 zangu, naye anapata, nami napata.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo swali lenyewe limeliacha nje, na ndilo lililonisaidia zaidi. Nilikuwa nashindanisha vitu viwili, kununua na kupika alfajiri. Lakini usiku napika chakula cha familia kila siku, Januari na Mei. Chungu kiko motoni tayari. Nikiongeza robo kilo ya mchele na upawa wa maharage, sahani ile ya ziada inagharimu vitu vyenyewe, kama 1,300, moto unaongezeka kiduchu, na muda ni dakika tano za kupakua na kufunga. Hata Januari, dakika tano ni 375. Jumla 1,675, chini ya mama lishe na chini sana ya jiko la alfajiri. Kumbe miaka yote nilikuwa napima dhidi ya mpinzani asiye sahihi. Kinachohesabiwa ni kile bora kati ya ulivyoviacha, hicho kimoja tu. Wapo pia wanaojumlisha kila walichokiacha, kushona na kulala na kwenda sokoni, wakapata jumla ya kutisha, wakati saa ni moja na ingetumika kwa kimoja.

Kiporo kina mipaka yake, na mimi niliipata kwa kuumia. Mara ya kwanza niliacha wali kwenye hotpoti usiku kucha nikidhani joto linauhifadhi. Saa sita mchana nikafungua, ukatoka mvuke wenye harufu ya uchachu, punje zimelegea na zinateleza mkononi. Nilimwaga, nikanunua, siku hiyo nikalipa mara mbili. Na harufu siyo onyo la kutosha. Wali uliopikwa huweza kuwa na vijidudu ambavyo mbegu zake zinavumilia kuchemka. Ukikaa vuguvugu vinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo kupasha moto hakuiondoi. Unaweza kuula ukiwa bado unanukia vizuri, ukaishia kutapika. Siku ya kuumwa tumbo Januari ni sketi tisa. Kwa hiyo sasa wali wa kesho naupakua kwanza, kabla sisi hatujala, nautandaza kwenye sinia upoe upesi, na ndani ya saa moja uko kwenye friji. Umeme ukikatika usiku kwa muda mrefu, sibahatishi, nakwenda kwa mama lishe. Asiye na friji aache kabisa kiporo, cha wali na cha maharage pia.

Hivyo ndivyo ninavyojua. Januari ni kiporo, na umeme ukinisaliti ni mama lishe. Mei, ingawa kiporo bado kina nafuu kidogo, najipikia asubuhi kwa kuwa muda ninao. Ninapoandika haya mvua inanyesha tangu alfajiri, meza yangu ni tupu, na kwenye safu ya tatu nimeweka sifuri. Nimekuna nazi mbili, nimeweka jikoni samaki wa kupaka ambaye Januari nisingethubutu hata kumtaja, na binti yangu, ambaye leo hakwenda shule kwa ajili ya maji barabarani, amekaa kwenye kigoda kando ya moto ananisomea majina ya mikoa.